Majuma Manane ya Kunyoosha Nyakati za Kiingereza

Somo la leo ni kwa wale watakaofanya mtihani wa Kiingereza mwezi wa Novemba, ama Mtihani wa Maarifa, ule mnaouita QT, ama ule wa Kidato cha Nne kwa watahiniwa wa kujitegemea. Mwe na daftari na kalamu. Kama darasani mna ubao, mwalimu wenu aandike sentensi za Kiingereza kadiri nizisemavyo.

Ukihesabu kurudi nyuma majuma manane tangu katikati ya Novemba, utafika katikati ya Septemba. Sasa kila mtu wa uwanda huu wa Makonde anajua maana ya tarehe hiyo. Korosho zinaanza kuanguka. Mwezi wa Oktoba ukiingia, mchana wote ni kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika na kupeleka ghalani, na jioni mtu amechoka. Kwa hiyo mpango wa kusoma uliopangwa mjini, wenye saa moja kila siku mpaka siku ya mtihani, hautufai. Mpango wetu unaweka kazi nzito mwanzoni. Katika majuma manne ya kwanza, soma dakika arobaini kwa siku, siku tano kwa juma. Katika majuma manne ya mwisho, dakika ishirini na tano zatosha, nami nitaeleza kwa nini zatosha.

JUMA LA KWANZA: KUJUA UGONJWA

Juma la kwanza usifungue kitabu cha sarufi. Andika habari tatu fupi kwa Kiingereza, kila moja sentensi kama kumi: ya kwanza, mambo unayofanya kila siku, ya pili, mambo uliyofanya Jumapili iliyopita, ya tatu, mambo utakayofanya baada ya kuuza korosho. Andika bila kuuliza mtu. Weka daftari, ulale. Asubuhi yake soma tena ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, ukasahihishe unayoyaona. Ndipo umpe mwalimu.

Kulala huko kuna maana. Makosa utakayoyaona mwenyewe asubuhi ni makosa ya haraka. Dawa yake ni kusoma tena, basi. Makosa atakayoyaona mwalimu, nawe hukuyaona, hayo ndiyo yanayotaka kufundishwa. Mwalimu naye namwomba jambo moja: asipige mstari kila kitu. Aache tahajia, aache nukta, atazame vitenzi tu. Karatasi iliyojaa wino mwekundu haimfundishi mtu lolote.

Hebu tutazame mfano. Tuseme mwanafunzi mmoja wa Newala ameandika hivi:

"Last Sunday I went to Masasi to visit my brother. I have arrived there at ten o'clock. My brother was not at home because he has went to the farm. He did not knew that I am coming. I wait for him, then we eat and talk. I have stayed there two days. When I will finish the examination I will go again."

Nimehesabu vitenzi tisa vyenye makosa. Mtu akitazama kwa haraka atasema, huyu hajui Kiingereza. Lakini mwanafunzi huyu anajua mengi, na makosa yake hayakutoka hewani. Mwanafunzi huyu amefikiri kwa Kiswahili sanifu kabisa: nimefika saa nne, kwa sababu amekwenda shamba, hakujua kwamba ninakuja, nikamngoja, tukala, tukazungumza, nimekaa siku mbili, nitakapomaliza mtihani. Kila kosa lina silabi moja ya Kiswahili nyuma yake: ME, NA, KA, KU, au TA pamoja na PO.

Basi chora safu katika daftari, uandike silabi hizo juu, na kila kosa uliweke chini ya silabi yake. Katika mfano wetu, "have arrived", "has went" na "have stayed" ni za ME. "Wait", "eat" na "talk" ni za KA. "Did not knew" ni ya KU, ile KU ya hakujua. "I am coming" ni ya NA. "When I will finish" ni ya TA na PO. Safu iliyo ndefu kuliko zote ndiyo itakayopewa siku nyingi zaidi. Kwa wanafunzi wengi niliowasomea madaftari, safu ndefu ni ya ME, nayo ndiyo nitakayokaa nayo leo.

JUMA LA PILI NA LA TATU: ME

Shida ya ME ni hii: Kiswahili kinaitumia kwa kazi tatu, na Kiingereza kina njia tatu kwa kazi hizo. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba ME ni "have", wakakariri hivyo, na hapo ndipo walipopotea.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha hali aliyo nayo mtu au kitu sasa hivi. Mtoto amelala. Bibi amevaa kitenge. Mzee amekaa chini ya mkorosho. Nimechoka. Mlango umefungwa. Hapa husimulii tendo lililopita. Unaeleza lile unaloliona kwa macho. Kiingereza hutumia "is", "am" au "are": "The child is asleep." "She is wearing a kitenge." "The old man is sitting under the cashew tree." "I am tired." "The door is closed." Ukiandika "The child has slept", Mwingereza atafahamu kwamba mtoto amekwisha kulala usingizi wake, labda sasa yu macho.

Kazi ya pili ni kueleza tendo lililokwisha, pamoja na kutaja lilitendeka lini. Kiswahili hakigombi ukisema nimefika saa nne, au nimemwona jana. Kiingereza kinakataa katakata. Likitajwa jana, juzi, saa nne asubuhi, mwezi uliopita, au mwaka 2019, "have" haina nafasi, kitenzi kinavaa wakati uliopita: "I arrived at ten o'clock." "I saw him yesterday."

Kazi ya tatu ni tendo lililokwisha, wala saa yake haikutajwa, na faida yake au matokeo yake yapo sasa. Tumeuza korosho, yaani fedha tunayo. Hapa ndipo mahali pa "have": "We have sold the cashews."

Kwa hiyo kila ukutanapo na ME, uliza maswali mawili kwa taratibu hii. Swali la kwanza: je, naeleza hali ninayoiona sasa? Kama ndiyo, tumia "is" na ndugu zake. Kama sivyo, swali la pili: je, wakati umetajwa? Kama umetajwa, tumia wakati uliopita. Kama haukutajwa, tumia "have" au "has".

Jihadhari na swali la pili. Wakati waweza kutajwa mbali na kitenzi. Mwanafunzi wetu aliandika "I have stayed there two days", na katika sentensi ile hakuna jana wala juzi. Lakini habari yote ilianza na Jumapili iliyopita, naye amekwisha kurudi kwake Newala. Mwavuli wa maneno "last Sunday" unafunika sentensi zote mpaka habari igeuke. Lazima aandike "I stayed there two days."

Mzee mmoja wa darasa la Makote aliniuliza swali zuri sana. Akasema, "Mwalimu, mgeni akija nyumbani tunamwuliza, umekuja lini? Naye bado tunamwona ameketi hapa. Mbona Kiingereza hakisemi 'When have you come'?" Nikamjibu, "Mzee wangu, tazama neno lini. Lini inatafuta saa au siku. Kuitafuta saa ni sawa na kuitaja." Kwa hiyo swali lenye "when" juu ya jambo lililokwisha huchukua "did": "When did you come?" Tangu siku ile nimelitumia swali lake kupima madarasa mengine, na mara chache sana watu wamelijibu sawasawa mara ya kwanza.

Kuna mahali pawili ambapo unaweza kutumia "have" bila hofu. Pa kwanza ni penye JA ya kukanusha: mvua haijanyesha, mwalimu hajafika. Sema "It has not rained yet." "The teacher has not arrived yet." Pa pili panawashangaza wengi, kwa sababu Kiswahili hakina ME pale. Ninakaa Newala tangu mwaka 2015. Tumesikia NA, tena bado anakaa. Lakini kwa Kiingereza, jambo lililoanza zamani na likaendelea mpaka leo hutaka "have": "I have lived in Newala since 2015." Ukiandika "I live in Newala since 2015", umekosa. Basi neno "since" likitokea katika sentensi ya namna hii, jiulize mara moja, "have" yangu iko wapi?

Katika majuma haya mawili, pamoja na ME, jifunze vitenzi visivyofuata kanuni. Vinne kwa siku, siku kumi, jumla arobaini. Usivijifunze kwa mpangilio wa herufi kama vilivyo nyuma ya kitabu. Viweke kwa sura zao. Kuna visivyobadilika: "cut, cut, cut" na "put, put, put". Kuna vibadilishavyo sauti ya ndani: "drink, drank, drunk" na "begin, began, begun". Kuna vyenye mkia mmoja: "buy, bought, bought" na "bring, brought, brought". Na kuna vyenye N mwishoni: "take, took, taken", "write, wrote, written", "go, went, gone". Viandike kwa chaki nyuma ya mlango, uvisome kwa sauti uingiapo na utokapo. Kumbuka kwamba "have" na "has" huchukua umbo la tatu. "Has went" ni makosa hata kama wakati wenyewe ungekuwa sawa.

JUMA LA NNE: KA, NA MZIGO WA "DID"

Kiswahili kina adabu nzuri ya kusimulia. Ukisema nilikwenda, ukaweka LI mara moja, basi KA inachukua kazi: nikamngoja, tukala, tukazungumza. Aliyesikia LI ya kwanza anajua kwamba yote ni ya zamani. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo hivyo: akaandika "I went" sawasawa, kisha mbele akaona inatosha, akaandika "I wait", "we eat and talk". Kiingereza hakina KA. Kila kitenzi katika habari ile lazima kivae nguo yake ya zamani: "I waited for him, then we ate and talked."

Kuna sababu nyingine ya kosa hili, nayo ni ya sikio. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na sikio letu halikuzoea konsonanti mbili za mwisho. Mwingereza akisema "worked", mwisho wake unasikika kama T ndogo tu, na likifuata neno lenye T, kama "talked to him", haisikiki kabisa. Kwa hiyo usilitegemee sikio, hata likiwa linasikiliza redio. Mwisho huu ujifunze kwa macho na kwa mkono.

Zoezi lake ni jepesi. Andika hadithi fupi ya Kiswahili yenye KA kumi. Pigia kila KA mstari. Kisha andika Kiingereza cha vitenzi vile kumi peke yao, kila kimoja katika wakati uliopita, kabla hujaandika sentensi hata moja. Ndipo uandike hadithi.

Mkiisha kuzoea hayo, kosa jingine litazidi: "did not knew", "did you went", hata "he wanted to went". Msivunjike moyo, wala mwalimu asikasirike. Ni dalili kwamba mwanafunzi ameshika habari ya kuvika vitenzi nguo za zamani, ila sasa anavivika vyote. Mweleze hivi: ndoo moja hubebwa kwa kichwa kimoja. Likiwapo "did", lenyewe limebeba wakati uliopita, na kitenzi kinachofuata kinatembea mikono mitupu: "He did not know." "Did you go?" Kiswahili chetu kinafanya kama hivyo: katika hakujua, ni KU iliyobeba, nasi hatuongezi LI. Na baada ya "to" kitenzi hakibebi kitu: "He wanted to go."

Hapa ndipo nusu ya kwanza inapokwisha. Aliyezishika ME na KA ameondoa sehemu kubwa ya makosa yake, na ndiyo sababu naona dakika ishirini na tano zitatosha katika siku za korosho.

JUMA LA TANO NA LA SITA

Juma la tano rudi kwenye sentensi hii: hakujua kwamba ninakuja. Kiswahili kinasimama pale aliposimama ndugu siku ile, kikasema ninakuja. Kiingereza kinabaki hapa tulipo leo, kikatazama nyuma: "He did not know that I was coming." Na kwa sababu amekwenda shamba? Ndugu aliondoka kabla mgeni hajafika; ni zamani ya zamani. Ukisema kwa Kiswahili alikuwa amekwenda, utaiona njia: LI na ME pamoja ni "had", na "had" hutaka umbo la tatu: "because he had gone to the farm."

Juma hilohilo maliza TA na PO. Nitakapomaliza ina TA, tena nitakwenda ina TA, basi mwanafunzi akaweka "will" mara mbili. Baada ya "when" yenye maana ya -po-, na kadhalika baada ya "before", "after" na "until", Kiingereza hakitaki "will". Kinaweka "will" mara moja tu, upande wa pili: "When I finish the examination I will go again."

Juma la sita ni la NA na HU, nalo si gumu. Ninasoma sasa hivi ni "I am reading". Husoma kila jioni ni "I read every evening". Ila vitenzi vya akili na vya kumiliki havitaki "-ing": ninajua ni "I know", nina baiskeli ni "I have a bicycle". Na mtu wa tatu akiwa mmoja, katika wakati uliopo, usisahau S yake: "she reads".

JUMA LA SABA NA LA NANE

Juma la saba andika upya zile habari tatu za juma la kwanza, bila kuzitazama. Mpe mwalimu uleule aliyezisahihisha, akupangie makosa katika safu zilezile, uzilinganishe. Safu iliyobaki ndefu, iwe ME au nyingine yoyote, ndiyo kazi yako ya siku zilizosalia. Zaidi ya hiyo usiongeze jambo jipya.

Niseme wazi mpaka wa mpango huu. Majuma manane hayatanyoosha ulimi. Katika kuzungumza, makosa yatatoka tu, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuuliza maswali mawili ya ME kabla ya kila neno. Katika kuandika nafasi hiyo ipo, na mtihani ni wa kuandika.

Siku ya mtihani, ukifika kwenye barua au insha, andika kwanza neno moja la kukuongoza: JANA, SASA, KILA SIKU, au KESHO. Hilo ndilo mwavuli wa habari yako. Bakiza dakika tano za mwisho. Katika dakika hizo usisome habari kwa utamu wake, maana utachukuliwa nayo usione kitu. Weka ncha ya kalamu chini ya kila kitenzi, kimoja kimoja, uulize: je, kiko chini ya mwavuli? Kama hakiko, kina sababu?

Sasa zoezi. Geuzeni kwa Kiingereza. La kwanza: Umerudi lini kutoka Mtwara? La pili: Mtoto amelala. La tatu: Mvua haijanyesha. La nne: Karani alifungua ghala, akapima korosho, akaandika stakabadhi. La tano: Tutakapouza korosho tutalipa ada.

Funikeni majibu haya mpaka kila mtu aishe kuandika. La kwanza: "When did you return from Mtwara?" La pili: "The child is asleep." La tatu: "It has not rained yet." La nne: "The clerk opened the warehouse, weighed the cashews and wrote the receipt." La tano: "When we sell the cashews we will pay the fees." Aliyekosa la kwanza au la pili arudi kwenye ME, aliyekosa la nne arudi kwenye KA.